Kola iliyogeuka rangi ya chungwa baada ya blichi

"Dada, nina blauzi nyeupe ya pamba ninayoivaa kazini. Mbele ya shingo ilikuwa na alama ya faundesheni, na kwenye kola kwa nyuma palikuwa na umanjano kidogo wa losheni ya jua. Nikaifua kwa sabuni ya unga, haikutoka. Nikailoweka kwenye blichi usiku kucha. Asubuhi kola ya nyuma imekuwa rangi ya chungwa kabisa, na ile alama ya faundesheni iko palepale. Je, ndiyo nimeiharibu? Na nina nyingine ya hariri yenye doa la faundesheni shingoni, hiyo sijaigusa."

Hujaiharibu, lakini usiirudishe kwenye blichi hata kwa dakika tano. Ulichonacho hapo ni madoa mawili ya asili tofauti. Lile la mbele blichi haiwezi kulifanya lolote, na lile la nyuma blichi ndiyo iliyolikoleza. Nitaanza na la nyuma kwa sababu ndilo linalowatisha watu, na ndilo ambalo wengi hulitibu kinyume hadi nguo inatupwa.

Losheni nyingi za jua zina kiungo kiitwacho avobenzoni. Kitafute kwenye orodha ya viungo nyuma ya chupa: jina hilo kwenye chupa huishia na herufi e badala ya i, au huandikwa jina lake jingine refu linaloanza na butili. Kikiwa peke yake juu ya kitambaa, kiungo hiki ni manjano hafifu, hata huenda usikione. Shida yake ni kwamba kinapenda chuma. Maji ya kufulia mara nyingi huwa na chuma kidogo kilichoyeyuka ndani yake, usichoweza kukiona kwa macho, na avobenzoni hukinasa. Viwili hivyo vikishikana hutoa rangi ya chungwa, na kikiwa kingi hukaribia rangi ya kutu. Sasa, sabuni ya unga na blichi zote mbili ni alikali, na katika maji ya alikali avobenzoni hukamata chuma kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo ulipofua mara ya kwanza ulikianza hicho kitendo, na ulipoloweka usiku kucha ukakipa saa nane za kukamilika. Ndiyo maana pia watu wengi huapa kwamba kola ilikuwa safi walipoivua na doa limetoka kwenye mashine. Wanasema kweli: mafuta yaliingia shingoni, rangi ikaja kwenye maji.

Kabla ya chochote kingine, isuuze blauzi hiyo hadi harufu ya blichi iishe kabisa. Maji mengi, ubadilishe mara tatu au nne, na uinuse kola yenyewe, si mgongo wa blauzi, kwa sababu kola ina tabaka mbili na katikati yake kuna kitambaa kigumu kinachoshika maji. Hili nalisisitiza kwa sababu hatua ijayo inatumia asidi, na asidi ikikutana na blichi ya klorini hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu. Kama bado unainusa, isuuze tena na uiache usiku mmoja ikikauka kwenye hewa, kivulini.

Ikishakauka, fanya jaribio dogo. Chukua tone moja la maji ya limau au ndimu, liangushe kwenye ukingo wa lile doa la chungwa, upande wa ndani wa kola, usubiri dakika tano. Rangi ikipauka pale tone lilipoangukia, umethibitisha kwamba ni avobenzoni na chuma. Isipobadilika hata kidogo, basi rangi hiyo inatoka kwingine, labda kwenye poda za rangi za faundesheni zilizosogea hadi nyuma, na utafuata njia nitakayoieleza baadaye. Kwa jinsi ulivyolieleza doa lako nina hakika kubwa ni la kwanza, lakini tone moja la limau haligharimu kitu.

Hapa ndipo wengi hukosea mpangilio. Wakiona limau linafanya kazi, wanaimimina kola nzima kwenye asidi, rangi inatoweka, wanafurahi, wanaifua kwa sabuni, na rangi inarudi. Inarudi kwa sababu asidi imeondoa chuma tu. Mafuta ya losheni, ambayo ndiyo yanayoibeba avobenzoni, bado yamekaa ndani ya nyuzi, na maji ya kufulia yanayofuata yanaleta chuma kingine. Kwa hiyo mafuta yatoke kwanza, chuma baadaye.

Kuondoa mafuta unatumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile isiyo na rangi kali, na kola iwe kavu. Ukiilowesha kwanza, maji yanajaza nafasi kati ya nyuzi na sabuni inabaki juu ikiteleza. Weka kijiko kimoja cha chai upande wa ndani wa kola na kingine upande wa nje, uisambaze kwa kidole, kisha uikandekande kwa ncha za vidole ili ipenye hadi kwenye kile kitambaa kigumu cha katikati. Iache nusu saa. Halafu pitisha mswaki laini kutoka ukingo wa doa kuelekea katikati, usikwangue, na usuuze kwa maji ya moto yanayovumilika mkononi, kama nyuzi 40 hivi. Pamba nyeupe inaweza kustahimili zaidi, lakini gundi iliyoshikiza tabaka za kola haipendi moto mkali; ikiachia, kola inavimba mapovu ambayo pasi haiyaondoi.

Utajuaje kwamba mafuta yametoka? Acha kola ikauke, kisha uangushe tone la maji safi pale penye doa na jingine mahali pasipokuwa na doa. Kama yote mawili yanazama kwa kasi moja, umemaliza. Kama lile la penye doa linakaa juu likiwa duara, mafuta yapo bado, rudia sabuni. Kola ya losheni iliyofuliwa mara kadhaa bila kutibiwa mara nyingi hudai raundi mbili. Usishangae, na usiruke jaribio hili, kwa sababu macho hayaoni mafuta yaliyobaki.

Sasa ndiyo zamu ya asidi. Ninayoipenda ni asidi ya sitiriki ya unga, ileile iliyomo ndani ya limau, kwa sababu haina harufu, inapimika, na ina tabia ya kukikamata chuma na kukishikilia majini badala ya kukiachia kirudi kwenye nguo. Yeyusha vijiko viwili vya chakula katika lita moja ya maji ya vuguvugu, kwenye beseni la plastiki au kioo. Usitumie ndoo ya bati wala sufuria iliyopata kutu, maana utakuwa unaongeza chuma kilekile unachokitoa. Zamisha kola, uiangalie kila baada ya robo saa. Pamba nyeupe inaweza kukaa saa moja bila tatizo. Kwa kawaida utaona rangi ya chungwa ikigeuka manjano, kisha ikipotea. Ukikosa unga huo, maji ya limau yaliyochujwa yanafaa. Yachanganye na maji kiasi sawa. Siki nyeupe nayo ni asidi, na husaidia kidogo, lakini haikishiki chuma vizuri kama sitiriki, kwa hiyo mimi huifanya chaguo la mwisho.

Usianike blauzi juani ikiwa bado na maji ya limau, ukidhani jua litamalizia kazi. Asidi ikikauka ndani ya pamba inazidi ukali kadiri maji yanavyopungua, na inadhoofisha uzi. Isuuze mara tatu, kisha ifue kwa sabuni yako ya kawaida kama ulivyozoea, lakini bila blichi. Kufua huko ndiko mtihani wa mwisho: kola ikitoka nyeupe, doa limekwisha kweli. Ikitoka na kivuli cha chungwa, hata hafifu, kuna mafuta yaliyobaki, na unarudi kwenye sabuni ya vyombo, si kwenye asidi.

Zipo dawa za kutoa kutu kwenye nguo ambazo zina asidi ya oksaliki. Zina nguvu kuliko sitiriki na sisi madobi tunazo, lakini ni sumu ikimezwa na hupenya kwenye ngozi iliyochubuka. Ukiamua kuzitumia, vaa glavu, fuata muda ulioandikwa kwenye chupa, usuuze sana. Kwa doa kama lako sioni sababu.

Tuje mbele ya shingo, kwenye faundesheni. Hapa habari ni nyingine kabisa, na ndiyo sababu blichi haikugusa kitu. Rangi ya faundesheni si ya aina inayoweza kupaushwa. Ni poda ya madini: oksidi za chuma za rangi nyekundu, manjano na nyeusi zikichanganywa hadi zifanane na ngozi yako, pamoja na titani dioksidi nyeupe. Oksidi ya chuma ni chuma ambacho tayari kimekwisha kupata kutu, na blichi kazi yake ni kuoksidisha, kwa hiyo haina la kukifanya. Poda hizo zimeelea kwenye mafuta, nta au silikoni, na hicho ndicho gundi inayozishika kwenye kitambaa. Huzitoi kwa kuzibadilisha rangi, unazitoa kwa kuyeyusha kilichozishika na kisha kuzihamisha, punje kwa punje, hadi kwenye kitambaa kingine.

Neno hilo "kuhamisha" ndilo la kushika. Ukiweka sabuni na kusugua, punje zinatawanyika na kuzama zaidi, na doa la ukubwa wa kidole linakuwa la ukubwa wa kiganja, lenye rangi hafifu zaidi lakini gumu mara mbili. Badala yake geuza blauzi ndani nje, utandike kitambaa cheupe cha pamba au taulo za karatasi juu ya meza, ulaze doa likiwa limetazama chini. Kisha fanya kazi ukiwa nyuma ya doa, unalisukuma litoke kule lilikoingilia.

Unalisukuma na nini? Inategemea faundesheni. Ile ya kawaida ya krimu au ya majimaji yenye mafuta hutii sabuni ya vyombo peke yake. Ile inayojinadi kwamba haitoki kutwa nzima na haiambukizi nguo ina silikoni, na sabuni hupita juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Hiyo inataka spiriti, ileile ya kusafishia vidonda. Lowesha pamba kwa spiriti, ugongegonge taratibu nyuma ya doa kwa dakika mbili, kisha uinue uangalie kitambaa cha chini. Ukiona alama ya rangi ya ngozi imehamia pale, upo njiani. Sogeza doa juu ya sehemu safi ya kitambaa, urudie. Ukisahau kusogeza, unaigonga faundesheni ileile irudi ilikotoka. Ikifika mahali kitambaa cha chini hakipokei tena rangi, weka tone la sabuni ya vyombo, uikande, uache robo saa, usuuze kwa maji ya vuguvugu yanayopita kutoka nyuma ya doa.

Tahadhari mbili kuhusu spiriti. Inashika moto, kwa hiyo iwe mbali na jiko na pasi, na dirisha liwe wazi. Na kwenye nguo ya rangi ijaribu kwanza kwenye pindo la ndani, kwa pamba nyeupe iliyoloweshwa, ukibonyeza kwa sekunde thelathini. Pamba ikitoka na rangi ya nguo, spiriti haifai hapo. Kwenye kola yenyewe tumia kidogo, kwa kugonga na si kwa kuloweka, kwa sababu ya ile gundi niliyoitaja. Kiondoa rangi ya kucha usikiguse: chenye asetoni kinaweza kuyeyusha vitambaa vya asetati, na kwa jicho la kawaida asetati hufanana sana na hariri.

Doa lako la mbele limeshapitia sabuni ya unga na blichi, kwa hiyo nyuzi za pamba zimekwisha kuchoka kidogo. Usitumie mswaki mgumu. Na kama baada ya raundi tatu za kuhamisha kimebaki kivuli cha kahawia hafifu sana, hizo ni punje za oksidi ya chuma zilizonaswa katikati ya uzi. Kola itakapokuwa inaloweka kwenye sitiriki, tumbukiza na hapo mbele pia. Asidi hafifu huyeyusha oksidi hizo polepole, si kama inavyofuta avobenzoni, lakini kivuli kinaweza kupungua hadi usikione ukiwa umeivaa. Titani dioksidi haiyeyuki kwa chochote utakachokuwa nacho nyumbani, ila kwenye nguo nyeupe hiyo haikusumbui. Kwenye shati jeusi ndiyo huacha ukungu mweupe, kama ilivyo kwa losheni za jua za madini zenye zinki au titani. Ukungu huo nao unatibiwa kwa mafuta kwanza na kuhamisha baadaye, na asidi ni ya bure pale kwa titani.

Hariri sasa, na nashukuru hujaigusa. Hariri ni protini kama nywele. Blichi ya klorini huila, sabuni ya unga yenye vimeng'enya vya kula protini huidhoofisha, na kusugua huinua nyuzi ndogo zinazoacha weupe unaong'aa tofauti hata doa likitoka. Anza hariri ikiwa kavu: nyunyizia poda ya watoto au unga wa mahindi laini upande wa mbele, uache saa moja ufyonze mafuta, kisha upepete bila kufuta. Halafu geuza, tandika kitambaa cheupe, ugonge kwa pamba yenye tone la shampuu isiyo na rangi iliyochanganywa na maji baridi. Usuuze shingo nzima, si doa peke yake, kwa sababu maji yakikauka katikati ya hariri huacha duara lenye ukingo ambalo litakukera kuliko faundesheni. Kama hariri hiyo ni ya rangi nzito au ina maandishi ya "usifue kwa maji", mpelekee dobi wa kusafisha kavu, umwoneshe doa kwa kidole na umwambie ni faundesheni ya aina gani. Dobi asiyeambiwa hulisafisha kama jasho.

Kwa nguo zote mbili, pasi na mashine ya kukaushia zingoje. Joto huyafanya mafuta yasambae ndani ya uzi na yakakamae, na doa ambalo jana lingetoka kwa nusu saa linataka siku mbili. Anika kivulini, ukague mchana kwenye mwanga wa dirisha. Taa ya manjano huficha rangi ya chungwa, nami nimewahi kudanganywa nayo.

Ilikuwa shati la mteja, jeupe, mchanganyiko wa pamba na poliesta, kola ya chungwa kama yako. Niliitia kwenye sitiriki moja kwa moja kwa sababu nilikuwa na haraka, baada ya dakika arobaini rangi ikawa imetoweka, nikaifua jioni, nikaiangalia chini ya taa na kuiona safi. Asubuhi, mlangoni, mteja akaigeuza kola na rangi ilikuwa pale, imepungua nusu. Nikaomba siku mbili. Tone la maji lilikaa juu ya kola kama lulu. Poliesta hung'ang'ania mafuta kuliko pamba, na mimi sikuwa nimeyagusa. Nikapaka sabuni ya vyombo pande zote mbili, nusu saa, maji ya moto kiasi, nikarudia mara ya pili hadi tone likazama. Kisha sitiriki tena, dakika ishirini tu zilitosha safari hii, nikasuuza, nikafua, nikakagua dirishani. Kola ilikuwa nyeupe, isipokuwa mstari wa mshono kuizunguka, ambao ulibaki na rangi ya krimu: uzi wa kushonea ulikuwa wa poliesta tupu. Nikaupitisha mswaki laini wenye sabuni juu ya mshono peke yake, kisha pamba iliyoloweshwa maji ya sitiriki, nikasuuza tena. Ukimaliza yako, angalia hapo kwenye mshono kabla hujaiweka kabatini.

Na losheni, asubuhi, ipake shingoni kabla ya kuvaa, uipe robo saa ikauke, kisha ufute kwa karatasi ile iliyobaki juu ya ngozi nyuma ya shingo, pale kola inapokalia. Kama blauzi nyeupe ndiyo sare yako ya kila siku, tafuta losheni ambayo orodha yake ina zinki oksidi badala ya avobenzoni. Itaacha weupe, lakini juu ya nyeupe.